Mikoba 43 inatosha kuandikwa?

"Nauza mikoba Instagram, nimeuza 43 tangu Machi. Niandike 'wateja 500+' kama wenzangu?"

Hapana, dada. Andika yako, ila kwanza hakiki hesabu: pitia meseji za malipo, toa iliyorudishwa na ile uliyowagawia ndugu bure. Tuseme inabaki 39. Hiyo ni mikoba, siyo wateja. Kama watu 6 walirudi kununua wa pili, wateja ni 33. Kwenye wasifu weka "Mikoba 39 imeuzwa, Machi hadi Septemba", maana namba isiyo na tarehe huchakaa bila wewe kujua. Mimi ningetanguliza hao 6: mnunuzi mpya anaogopa zipu kukatika, na aliyerudi ndiye anayemtoa hofu. Waombe ruhusa kabla ya kubandika meseji zao, na ufiche namba za simu.