Eleza, fupisha, chambua, tathmini, jadili: swali linataka nini hasa?

Shikamoo walimu. Swali lilikuwa "Chambua sababu za kushindwa kwa mradi wa karanga wa Kongwa", ule wa Serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Nimejaza kurasa nne, nikapata 8 kwa 20 na maneno "Unasimulia tu". Aya yangu moja ni hii: "Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu. Pia mvua zilikuwa haba. Vilevile matrekta yaliharibika. Aidha, bandari ilijaa mizigo." Kosa ni lipi, wakati yote ni kweli?

Marahaba. Ni kweli yote, na ndiyo maana umepata hizo 8. Sasa fanya jaribio dogo: chukua sentensi zako nne uzipange upya, ya mwisho iwe ya kwanza. Aya inasomeka vilevile. Sentensi zikiweza kubadilishana nafasi bila kitu kuharibika, hapo hakuna uchambuzi, kuna orodha. Viunganishi vyako vinakusaliti pia: "pia", "vilevile", "aidha" vinaongeza hoja juu ya hoja, lakini havisemi hoja moja inahusianaje na nyingine.

Kuchambua kuna sehemu mbili. Kwanza unakitenga kitu vipande, na hilo umelifanya. Pili unaonyesha kipande kimoja kinavyosukuma kingine hadi tukio litokee. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyokosekana. Tuichukue aya yako hiyohiyo:

"Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na ukikosa mvua hukauka ukawa mgumu mno. Karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo ardhi ilipokauka wakati wa mavuno, hata zao lililostawi halikung'oleka kwa urahisi. Ugumu huohuo ulikula majembe ya plau na kuyalemea matrekta, ambayo mengi yalikuwa mitumba iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Vipuri navyo vilitoka ng'ambo, vikakwama katika bandari ya Dar es Salaam iliyofurika mizigo. Ndiyo maana mwaka 1947, mpango ulipotaka ekari 150,000, zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu."

Hoja ni zako zilezile, ila sasa hakuna sentensi inayoweza kuhamishwa. Udongo unavunja plau, plau na trekta zinadai vipuri, vipuri vinakwama bandarini, ekari hazifiki.

Bado kuna hatua moja inayowatenganisha wanaopata 14 na wanaopata 18, nayo ni kuuliza kipi kilikuwa chini ya vyote. Udongo na mvua za Ugogo vilikuwapo tangu zamani, na Wagogo waliishi na ukame huo vizazi kwa vizazi. Kwa nini basi havikuonekana kwenye mpango? Kwa sababu ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kupima ardhi ulifanya kazi kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya maeneo uliyaangalia kutoka kwenye ndege. Ukifika hapo umeonyesha kwamba haraka ndiyo mzizi, na udongo, mvua na mitambo ni matawi.

Neno "eleza" linanichanganya. Mara mwalimu anataka kitu kilivyo, mara anataka kwa nini kilitokea. Nitajuaje?

Una haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu Kiswahili kinabebesha neno hili kazi mbili. Usiliangalie peke yake, angalia neno linalolifuata. "Eleza muundo", "eleza sifa", "eleza mandhari", "eleza hatua" yanataka picha: msomaji ambaye hakuwepo aone ulichokiona. "Eleza sababu", "eleza athari", "eleza jinsi ukame ulivyoathiri" yanataka ufafanuzi, na huko unakaribia uchambuzi tuliousema juu.

Tukibaki na picha, makosa huanzia kwenye maneno ya jumla. Mwanafunzi akiulizwa aeleze jinsi pori lilivyofyekwa Kongwa huandika "lilifyekwa kwa mitambo mikubwa kwa njia mbaya". "Mikubwa" haionyeshi kitu, na "mbaya" ni hukumu isiyoombwa. Maelezo yenyewe ni haya: matrekta mawili mazito yanakwenda sambamba, katikati yao wamefunga mnyororo mnene wa kuvutia nanga ya meli, mnyororo unaburuzwa ardhini na kuing'oa miti iliyo njiani. Umesema kuna nini, kiko wapi, kinafanya nini, kwa mpangilio unaofuatika. Chagua mpangilio mmoja, wa mahali au wa wakati, ukae nao mpaka mwisho.

Nikifupisha habari, ufupisho wangu unakaribia urefu wa habari yenyewe. Nipunguze nini?

Unafupisha huku macho yako yakiwa kwenye habari, ndiyo maana kila sentensi inakuvuta uibebe. Soma mara mbili, kila aya uandike pembeni jambo lake moja kwa maneno matano au sita, kisha funga karatasi ya habari uandike kutoka kwenye vidokezo vyako. Vinavyoondoka ni mifano, nukuu, marudio, na takwimu zote isipokuwa ile ambayo habari haieleweki bila yake. Kama swali halikutaja idadi ya maneno, lenga theluthi moja.

Mradi wa karanga, kwa maneno 42:

"Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliidhinisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Upimaji wa ardhi ulifanywa kwa haraka. Udongo, mvua na mitambo vikaangusha mradi, ukafutwa Januari 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36."

Mnyororo wa nanga umeondoka ingawa unapendeza, na ekari 7,500 zimeondoka pia. Pauni milioni 36 zimebaki kwa sababu zinabeba ukubwa wa anguko lote. Jihadhari na "kwa bahati mbaya" au "cha kushangaza": hayo ni maoni yako yakiingia kwenye habari ya mwenzako, na wasahihishaji huyakata.

Tathmini si ni maoni yangu tu? Mbona nikisema "mradi ulikuwa mbovu" nanyimwa alama?

Maoni yanaruhusiwa, tena yanadaiwa, lakini lazima yasimame juu ya kipimo. Muuza nyama anaweka jiwe kwenye mizani kabla ya kusema kilo ni ngapi. Wewe umetaja kilo bila mizani.

Kwa hiyo aya ya kwanza ya tathmini hutaja vipimo, viwili au vitatu vinatosha. Kwa mradi huu tungechukua viwili: je, ulitimiza lengo lake, na je, uliacha nini nchini? Kwa kipimo cha kwanza jibu halina ubishi. Lengo lilikuwa mafuta ya kula kwa Waingereza kutoka mamilioni ya ekari, na mradi ulifutwa kabla hata ya kukaribia.

Kipimo cha pili ndicho chenye kazi. Mradi ndio uliosababisha bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara, na bandari hiyo inafanya kazi hadi leo. Uliacha pia reli ya kwenda Nachingwea, lakini reli hiyo ilikosa mizigo ya kutosha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo hukumu inakuja na kiwango chake: "Mradi ulishindwa kabisa kwa lengo lake, ila kwa upande wa miundombinu uliacha faida ya kudumu sehemu moja tu, Mtwara, na kwa gharama kubwa kupita kiasi." Maneno kama "kabisa", "kwa kiasi", "sehemu moja tu" si mapambo. Hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba umepima.

Nikiambiwa "jadili", ni lazima nikubali na kukataa? Mimi nina msimamo mmoja.

Baki na msimamo wako, lakini msomaji auone ukipambana na hoja iliyo kinyume. Tuseme kauli ni hii: "Mradi wa karanga uliangushwa na hali ya hewa. Jadili." Wengi hugawa insha nusu kwa nusu, kurasa za kukubali kisha za kukataa, na pande hizo mbili hazikutani kabisa. Ni bora uzikutanishe ndani ya kila hoja. Mvua zilikosekana, kweli, na zao likanyauka. Lakini ukame wa Kongwa haukuwa jambo la ghafla, hivyo aliyepanga kilimo kikubwa pale bila kuujua anabeba lawama pamoja na mvua. Hoja pinzani iandike kwa nguvu zake zote, kama mwenye nayo angeiandika. Ukiileta ikiwa dhaifu ili uiangushe kwa urahisi, msahihishaji ataona.

Kuna tahadhari mbili. Walimu wengine huandika "Jadili sababu sita za..." na hapo hakuna kauli ya kubishaniwa, wanataka hoja sita zilizofafanuliwa, basi wape sita. Na kwenye fasihi usichanganye "jadili" na "thibitisha". Ukiambiwa uthibitishe, kauli imeshakubaliwa, kazi yako ni kuleta ushahidi, na aya ya kuipinga itakuponza.

Swali lina maagizo mawili: "Eleza mradi wa karanga, kisha tathmini mafanikio yake (alama 20)". Nigawe vipi dakika 40?

Alama zisipogawanywa kwenye karatasi, agizo zito zaidi ndilo hubeba nyingi, na hapa ni tathmini. Tumia dakika 5 kupanga, 10 kueleza, 25 kutathmini. Lakini panga kutoka mwisho: chagua vipimo vyako kwanza, halafu kwenye maelezo uweke mambo yale tu utakayoyapima. Kama utaipima bandari, Mtwara itajwe tangu kwenye maelezo. Kama hutagusa matrekta, sentensi moja juu yake inatosha. Wanaokwama ni wale wanaoeleza kila kitu wanachokijua kwa dakika 30, wakafika kwenye tathmini wakiwa na muda wa kuandika "hivyo basi mradi haukufanikiwa" na kurudisha karatasi.