AddToCart ao Purchase, kwa duka la mauzo machache?

*Nauza viatu Lubumbashi na Kolwezi, seti moja ya matangazo kwa kila mji. Kwa juma, zote pamoja: AddToCart 60, InitiateCheckout 22, Purchase 6. Nimwambie Meta anitafutie nini?*

Yaya, unganisha kwanza seti hizo mbili. Ili kutoka kwenye hatua ya kujifunza, pale Meta inapojaribu bado nani wa kumwonyesha tangazo, kila seti inahitaji matukio karibu 50 kwa juma, na kwa Purchase 6 mashine haina cha kujifunzia.

Anayekuambia "chukua AddToCart, inapita 50" amesema nusu ya ukweli. Hesabu inatosha, lakini utaletewa kile ulichoomba: wabonyezaji wa kapu. Leo kapu 10 zinakuzalia mauzo 1. Kapu zikipanda hadi 120 na mauzo yakabaki 6, ujue umenunua vidole tu.

Mimi ningechagua InitiateCheckout. Utaona "Learning limited", yaani Meta inasema matukio hayatoshi kujifunzia, na gharama itayumbayumba, sawa tu. Aliyefika kwenye malipo yuko karibu zaidi na pesa. Usichezee bajeti kila siku, maana badiliko kubwa linaanzisha kujifunza upya. Purchase iendelee kurekodiwa, ndiyo utakayohukumia.

— Na mimi ninayeuza kwa WhatsApp, watu wanalipa wakipokea mzigo?

— Papa, hilo ni jambo lingine. Malipo yako hayapiti kwenye saiti, kwa hiyo pikseli, ile kodi ya Meta inayohesabu matukio kwenye saiti, haiyaoni. Unaweza kuyarudisha Meta wewe mwenyewe, lakini kwa mauzo machache sijui kama kazi hiyo inalipa.