Maswali na majibu: nyanya pungufu, nyanya zilizooza

*Tuliagiza kilo 120 za nyanya kwa ajili ya hoteli. Zimekuja pungufu na nyingine zimeoza. Barua kwa saplaya niiandikeje?*

Tenganisha madai mawili. Upungufu unaamuliwa na mizani, uozo unaamuliwa na macho; ukiyachanganya, saplaya atajibu moja na kulikwepa la pili. Juu weka namba ya oda, namba ya hati ya mzigo, tarehe na saa ya kupokea. Kisha hesabu. Tuseme kreti 6 zimesoma kilo 120 kwenye mizani, na kreti tupu ina kilo 2. Kreti zimekula kilo 12, nyanya ni kilo 108. (Mara nyingi hapo hakuna wizi, kuna mtu aliyesahau kutoa uzito wa kreti.) Ukichambua ukakuta kilo 15 zimeoza, za kulipia ni 93. Andika hivi:

"Tuliagiza kilo 120. Uzito bila kreti ni kilo 108. Kati ya hizo, kilo 15 zimepasuka na zina ukungu. Tumezitenga mje mzikague. Tunaomba ankara irekebishwe iwe ya kilo 93, na mtujulishe leo kabla ya saa 10 jioni kama mtaleta kilo 27 zilizosalia kesho alfajiri."

Yale ya "mmetuaibisha mbele ya wageni" yaache. Hayapimiki, na yanampa mtu nafasi ya kubishana na hasira zako badala ya kilo zako.

*Mtunza stoo alisaini hati ya mzigo bila kuandika kasoro yoyote. Nimechelewa?*

Kwa upungufu, umejiweka pabaya: saini inasema kilo 120 zimepokelewa. Kwa uozo uliojificha chini ya kreti bado una hoja, mradi uandike siku hiyohiyo na mkataba wenu usiwe umeweka muda mfupi zaidi. Safari ijayo aandike uzito halisi na "ubora haujakaguliwa", dereva asaini pembeni kabla gari halijaondoka.

*Zilizooza nizitupe?*

Subiri saplaya azione au akubali kwa maandishi. Piga picha lebo ya kreti ikionekana, kisha zihifadhi mbali na nzima, maana ukungu huhama.

*Saplaya anadai zimeozea kwetu.*

Angalia saa. Ukungu wenye manyoya hauoti kwa saa moja tangu gari lishushe. Picha ya mapokezi inatosha kumjibu. Lakini kama ulizigundua siku ya tatu, kagua kwanza chumba chako cha baridi. Nyanya zikikaa siku kadhaa kwenye baridi kali, tuseme nyuzi 4, huumia: hufanya vishimo, hulainika kama zimechemshwa, na huoza haraka zikitolewa. Hapo huenda saplaya anasema kweli, na barua ni heri isitoke.