Roboti ya WhatsApp iseme nini ofisi ikiwa imefungwa

Jumamosi moja, saa 3:40 usiku, mama mmoja wa Tandika anayeuza samaki alituandikia kwenye WhatsApp kwamba friza yake imeacha kugandisha, na ndani yake kulikuwa na samaki aliowanunua Feri alfajiri ya siku hiyo hiyo. Sisi tunauza vipuri vya majokofu na kuyatengeneza, ofisi yetu iko Kariakoo, na Jumamosi tunafunga saa 8 mchana. Roboti niliyoiandika mimi mwenyewe ilimjibu papo hapo: «Asante kwa kuwasiliana nasi. Mhudumu wetu atakujibu hivi punde.» Mhudumu huyo hakuwepo. Angefika kazini Jumatatu saa 2 asubuhi, yaani baada ya muda wa saa 34 na dakika 20.

Yule mama aliyaamini maneno hayo, kama ambavyo mtu yeyote angeyaamini. Alikaa na simu mkononi hadi usiku wa manane, akawa anafungua friza kila baada ya muda mfupi kuangalia hali ya samaki, na asubuhi ndipo alipoanza kutafuta barafu, wakati sehemu ya mzigo ilikuwa imekwisha kuharibika. Kwa makadirio ya kawaida ya usalama wa chakula, friza iliyojaa vitu vilivyoganda, ikizimika na isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu kwa takribani saa 24. Samaki wake walikuwa hawajaganda sawasawa, kwa hiyo muda wake ulikuwa mfupi zaidi, lakini usiku ule ule bado angeweza kununua barafu au kuomba nafasi kwenye friza ya jirani. Hakufanya hivyo kwa sababu roboti yangu ilimwambia kwamba msaada uko njiani. Aliponieleza mambo haya kwa simu, hakulalamika kuhusu kusubiri. Alisema tu, «Ungeniambia mmefunga, ningejua la kufanya.»

Baada ya simu hiyo niliyaandika upya majibu yote ya usiku. Sasa mtu akituandikia Jumamosi usiku anapata maneno haya: «Habari. Hii ni roboti ya kupokea ujumbe, si mtu. Ofisi imefungwa, na hakuna mhudumu wala fundi anayesoma ujumbe sasa hivi. Tutakupigia Jumatatu tarehe 16 Juni, kabla ya saa 6 mchana. Tafadhali andika hapa tatizo ni nini, uko eneo gani, na namba tutakayokupigia. Kama kuna vitu vinavyoweza kuharibika, tafuta barafu sasa na usifungue friza. Kama kuna moshi au harufu ya kuungua, zima umeme kwenye swichi kuu; moto ukiwaka, piga 114 Zimamoto.» Ni ujumbe mrefu kuliko ule wa zamani, na mwenzangu mmoja ofisini aliona kwamba kusema waziwazi «hakuna mhudumu» kutawafukuza wateja. Nilishikilia, kwa sababu mteja anayeondoka usiku kwenda kwa fundi wa mtaani anayeweza kumsaidia amefanya jambo sahihi kwa mali yake, na sina haki ya kumzuia kwa ahadi ambayo hakuna mtu wa kuitimiza.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni kutaja muda. Seva nyingi huendeshwa kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa tatu, na mwanzoni roboti yetu iliendelea kusema ofisi imefungwa hadi saa 5 asubuhi wakati wahudumu walikuwa mezani tangu saa 2. Hilo hurekebishwa kwa kutaja ukanda wa saa ndani ya programu. Kosa lililojificha zaidi lilikuwa la lugha. Programu huandika 08:00, na mimi nilikuwa nimeiagiza iweke tarakimu hiyo baada ya neno «saa», hivyo wateja wakasoma «saa 8:00», na mtu wa Dar akisoma hivyo anaelewa mchana baada ya adhuhuri, si asubuhi ofisi inapofunguliwa. Niligundua nilipoona wateja wawili wamefika ofisini saa 8 mchana na kusema wamekuja kwa muda waliopewa. Mistari hii michache inatosha kugeuza saa ya kompyuta kuwa saa ya Kiswahili:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

sasa = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
saa = (sasa.hour - 6) % 12 or 12
```

Baada ya hapo ni lazima kuongeza neno la kipindi, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa sababu «saa 2» peke yake haitoshi. Neno «kesho» nalo tumeliondoa kabisa. Mtu anayeandika saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu akiambiwa «kesho asubuhi» anaweza kuelewa Jumatatu au Jumanne, na kila maana ina sababu yake. Tunataja jina la siku na tarehe. Sikukuu zenye tarehe isiyobadilika, kama Saba Saba au Nane Nane, tunaziingiza kwenye kalenda ya roboti mwanzoni mwa mwaka, lakini Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye jukumu la kubadilisha kalenda usiku ule ule tangazo linapotolewa.

Saa 6 mchana ya Jumatatu haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwa wiki sita tulihesabu maombi yaliyolala tangu Jumamosi, na mara nyingi yalikuwa kati ya 20 na 25. Kila moja lilihitaji dakika 8 hadi 10 za kusoma, kupiga simu na kumpangia fundi, hivyo maombi 25 yalimtaka mhudumu mmoja afanye kazi kwa takribani saa nne bila kupumzika, kuanzia saa 2 hadi saa 6. Siku nyingine maombi ya usiku huwa sita au saba, na ahadi yetu ni kabla ya saa 4 asubuhi. Anayeanzisha roboti yake ahesabu ya kwake kwanza, kisha achukue muda wa siku mbaya zaidi, si wa wastani, kwa sababu mteja atakayekumbuka ahadi ni yule wa mwisho kwenye foleni.

Ahadi hiyo haina maana kama ombi halijaandikwa mahali. Hapo nilikosea katika mpangilio: roboti ilijibu kwanza «ombi lako limepokelewa», kisha ikajaribu kuandika kwenye jedwali. Siku intaneti ya seva ilipoyumba, watu wanne walipata jibu hilo, na maombi yao hayakuwepo popote. Sasa roboti huandika kwanza, na ikishapata namba ya ombi kutoka kwenye jedwali ndipo inamjibu mteja na kumpa namba hiyo. Kuandika kukishindikana, inamwambia ukweli kwamba ombi halijahifadhiwa na kumwomba atume tena au apige simu ofisini itakapofunguliwa.

Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, hutuma taarifa ya ujumbe ule ule zaidi ya mara moja endapo seva yako haikuthibitisha kuipokea, na usipojikinga, mteja mmoja atapata namba tatu za ombi. Kila ujumbe unakuja na kitambulisho chake, nacho kinawekwa kwenye safu isiyoruhusu marudio:

```sql
CREATE TABLE maombi (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  wamid TEXT UNIQUE,
  simu TEXT, eneo TEXT, tatizo TEXT,
  ahadi TEXT, hali TEXT, mhusika TEXT
);
```

Kinga hiyo haizuii jambo la kawaida kabisa la watu wetu, ambao hawaanzi na shida. Mtu huandika «Habari za usiku», halafu «Samahani», halafu «Nina friji langu hapa», na kila sentensi ni ujumbe wenye kitambulisho chake. Kwa siku za mwanzo jedwali lilijaa maombi yenye neno «Habari» tu, na asubuhi mhudumu hakuwa na la kufuatilia. Tulibadilisha hivi: ujumbe wa kwanza wa namba fulani ya simu hufungua ombi, na zinazofuata kutoka namba hiyo huongezwa kwenye ombi lile lile hadi lifungwe, bila roboti kurudia jibu lake refu. Ujumbe wa sauti huhifadhiwa vilevile, na roboti inasema wazi kwamba yenyewe haiwezi kuusikiliza, bali mhudumu atausikiliza asubuhi. Kwa kuwa jedwali lina namba za simu na maeneo ya watu, nasi tuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, maombi yaliyofungwa tunayafuta baada ya siku 90.

Turudi kwa mama wa Tandika, kwa sababu kosa la pili lilitokea Jumatatu. Mhudumu alimwandikia saa 3 asubuhi kupitia mfumo wetu, akaona ujumbe umeondoka, akaendelea na kazi nyingine. Haukufika. WhatsApp inaruhusu biashara inayotumia mfumo huu kumwandikia mteja kwa maneno yake yenyewe ndani ya saa 24 tu tangu ujumbe wa mwisho wa mteja, na dirisha lake lilikuwa limefungwa Jumapili saa 3:40 usiku. Mfumo uliupokea ujumbe wetu, kisha ukarudisha taarifa ya `failed` yenye namba `131047`, ambayo programu yangu haikuwa ikiisoma. Yule mama aliona kimya kingine, nasi tuliamini tumemjibu.

Nje ya saa hizo 24 unaruhusiwa kutuma kiolezo tu, yaani ujumbe ulioupeleka Meta mapema ukaidhinishwa, na kila kinachofika kina malipo yake. Mteja akikijibu, dirisha linafunguka upya. Cha kwetu kinataja siku aliyoandika, namba ya ombi lake, na kumwomba ajibu kama bado anahitaji fundi. Hata hivyo tunaanza na simu ya kawaida, na ndiyo sababu roboti huomba namba ya kupigiwa, kwani wengi hutumia laini moja kwa WhatsApp na nyingine kwa kupiga. Asipopokea mara mbili, kiolezo kinatumwa, na taarifa yoyote ya `failed` inalirudisha ombi kwenye hali ya «mpya» likiwa na rangi nyekundu.

Ombi linafungwa na mtu aliyezungumza na mteja, naye huandika jina lake kwenye safu ya mhusika. Dakika 30 kabla ya muda wa ahadi, jedwali linamwonyesha msimamizi maombi ambayo hayajaguswa. Kama anaona hayatawahi, anawaandikia wateja hao kabla muda haujapita, anawaomba radhi na kuwapa saa nyingine anayoweza kuitimiza, na saa hiyo mpya inaandikwa kwenye safu ya ahadi juu ya ile ya kwanza, bila kuifuta.