Mvuke wa wali kwenye kibao

"Mama, shikamoo. Nimepiga picha ya wali nyama kwa ajili ya kibao cha mgahawa, zaidi ya mara kumi, na mvuke hauonekani kabisa. Fundi wa mabango naye ananiambia niongeze nyama ndipo sahani ipendeze. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Picha zako nimeziangalia moja moja. Ulizipiga saa saba mchana, uani, sahani ikiwa juu ya kitambaa cheupe. Chakula chako kilikuwa cha moto, sina shaka, ila mahali na saa vilikunyima mvuke.

Ule moshi mweupe unaouona juu ya wali ni vitone vidogo mno vya maji. Maji yanatoka kwenye wali wa moto, yanakutana na hewa ya baridi, yanageuka ukungu. Mchana wa Dodoma hewa ni ya joto na kavu, kwa hiyo ukungu unakauka kabla haujapanda hata shubiri. Amka mapema, saa moja asubuhi, hasa miezi hii ya Juni na Julai baridi inapouma. Wali uleule utafuka mpaka ushangae.

Halafu ukungu ni mweupe, na mweupe juu ya mweupe hauonekani. Tundika kaniki nyuma ya sahani, mkono mmoja na nusu hivi kutoka mezani, ili isiguswe na mwanga. Meza iweke ndani, karibu na mlango, na mlango uwe ubavuni, nyuma kidogo ya sahani. Mwanga ukipita ndani ya mvuke kutokea upande huo, mvuke unang'aa. Ukitoka mbele, kama ule wa taa ya simu, mvuke unafutika na mchuzi unapata doa jeupe la kung'aa. Taa ya simu izime. Simu ishushe karibu usawa wa sahani. Ukipiga kutokea juu utaona duara la wali tu, mlima wake hutauona wala kinachopanda juu yake.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwamba mvuke mwingi hautoki kwenye mchuzi. Mchuzi wetu una mafuta ya alizeti yanayoelea juu, nayo yanafunika maji yasitoke. Mvuke unatoka kwenye wali. Kwa hiyo chovya sahani kwenye maji ya moto, ifute, pakua wali moja kwa moja kutoka kwenye sufuria lililopaliwa mkaa, weka mchuzi pembeni, kisha fumua kidogo ubavu wa wali kwa kijiko. Piga hapohapo. Una kama dakika mbili. Baada ya hapo punje za juu zinakauka na mafuta ya mchuzi yanaanza kuwa na utando. Wali ukishapoa usiumwagie maji ya moto, utakuwa bokoboko na picha itasema hivyo. Pakua sahani nyingine.

Kuhusu nyama, fundi usimsikilize. Nilipokuwa na kibanda pale Majengo niliwahi kutundika kibao chenye sahani ya vipande sita. Niliokuwa nawapakulia walipata vitatu. Wiki ya kwanza walikuja wengi, na wengi walihesabu. Mzee mmoja alinyoosha kidole kwenye kibao, akanyoosha kwenye sahani yake, akanyamaza. Hakurudi tena, na ile kimya yake inaniuma mpaka leo.

Piga hesabu ya unachouza. Kilo ya mchele ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu au tatu, na mimi nilikuwa natoa sahani saba. Kilo ya nyama ya ng'ombe naikata vipande 24, inatosha sahani nane za vipande vitatu. Vikiiva vinasinyaa, usivipime vikiwa vibichi. Basi kwenye picha weka vitatu, upawa mmoja wa mchuzi, mchicha wako, maharage kijiko, na kipande cha tikiti kama huwa unakitoa. Tumia sahani ileile ya mgahawani. Sahani kubwa ya wageni itaufanya wali uonekane haba, nawe utashawishika kuongeza.

Picha ikishapatikana, mwambie fundi asiikate sahani na kuibandika kwenye bango jeupe. Hapo mvuke wote unabaki kwenye kaniki na wewe unalipia sahani iliyopoa. Giza la nyuma liende na picha, maandishi ayaweke juu yake kwa njano au meupe. Nyuzi nyembamba za mvuke hazionekani kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo chagua picha yenye mkunjo mmoja mnene, hata kama nyingine ni nzuri zaidi ukiishika mkononi.

Kaniki yangu nimempa konda wa basi la asubuhi. Ipokee stendi kesho kabla ya saa tano.

Mama yako