“Tofauti kubwa” ni kubwa kwa nani?

*Shikamoo Mwalimu. Namalizia tasnifu ya uzamili ya kilimo cha mazao na sura ya matokeo naiandika kwa Kiswahili. Niliandika “mbolea ilikuwa na tofauti muhimu”, msimamizi akakata “muhimu” akaweka “kubwa”. Nani yuko sahihi? Na zile herufi a, ab, b za kwenye jedwali la wastani nizisomeje kwa Kiswahili? Mwanafunzi, Morogoro.*

Marahaba. Hakuna aliye sahihi kati yenu, ila wewe umekosea kidogo na msimamizi wako amekosea sana.

La kwako tulimalize haraka. Mbolea haikuwa na tofauti yoyote. Ilikuwa urea ile ile ya mfuko mmoja, uliipima kilo mbalimbali ukaimwaga. Kilichotofautiana ni mavuno. Andika basi kwamba mavuno yalitofautiana kulingana na kiwango cha mbolea, na sentensi itasimama kwa miguu yake. “Muhimu” nalo ni neno la Kiarabu lenye kubeba uzito na wasiwasi: jambo muhimu ni lile linalokukosesha usingizi. Anova, ile hesabu ya kupima kama wastani zinatofautiana kuliko kelele ya shamba, haijui nini kinakukosesha usingizi.

Sasa “kubwa”. Nimehariri tasnifu za kilimo miaka mingi, na neno hili limenimalizia kalamu nyekundu kuliko makosa ya tahajia yote yakiwekwa pamoja. Kila P, ile namba ya uwezekano inayotolewa na anova, ikishuka chini ya 0.05, mwandishi anatangaza “tofauti kubwa”. Kila ikipanda juu yake, anatangaza “hapakuwa na tofauti”. Sentensi zote mbili zinasema jambo ambalo jedwali halikusema.

Tutunge jaribio dogo tuone. Mahindi, viwango vinne vya naitrojeni: kilo 0, 40, 80 na 120 kwa hekta. Marudio manne, kila rudio ni bloku moja, jumla ploti 16. Wastani wa mavuno kwa tani kwa hekta umetoka 2.1, 2.9, 3.3 na 3.5. Kompyuta imekupa hiki:

```
           Df Sum Sq Mean Sq F value Pr(>F)
block       3   0.54   0.180    2.25 0.1520
nitrogen    3   4.60   1.533   19.17 0.0003
Residuals   9   0.72   0.080
```

Anza kusoma chini, ambako wengi hawasomi kabisa. Mstari wa mwisho wengine huuita “makosa”, na mwanafunzi akiona neno hilo anadhani kuna mtu alikosea kupima. Mimi nauita mabaki: ni kutofautiana kulikobaki baada ya kuondoa cha mbolea na cha bloku. Ploti mbili zilizopata mbolea sawasawa hazitoi mavuno sawasawa. Moja ina udongo mzito kidogo, nyingine ilipitiwa na maji ya mvua, ya tatu panya walifukua mbegu tukapandia upya. Hiyo 0.080 ndiyo kelele ya shamba. F ni 1.533 kugawa kwa 0.080, yaani tofauti kati ya viwango vya mbolea imeishinda kelele mara 19. P ya 0.0003 inakuambia kwamba kama mbolea isingefanya chochote, kelele peke yake ingetoa F kubwa hivyo mara chache mno, kama mara 3 katika 10,000.

Umeona neno “kubwa” popote? F inalinganisha. Haisemi mavuno yaliongezeka sana au kidogo; inasema ongezeko lilionekana juu ya kelele.

Tuharibu shamba sasa. Wastani zile zile, 2.1, 2.9, 3.3, 3.5, lakini bloku zilipangwa kufuata mteremko badala ya kuukata, na ngedere wakala kona moja. Mabaki yanapanda kutoka 0.080 hadi 0.500. F inashuka hadi 3.07, P inapanda hadi 0.08. Msimamizi wako sasa ataandika kwamba “hapakuwa na tofauti kubwa”. Mwambie mkulima hivyo! Kati ya kilo 0 na kilo 40 za naitrojeni kuna tani 0.8, ambayo ni magunia 8 ya kilo 100 kwa hekta, magunia matatu na kitu kwa ekari. Kwa mwenye ekari mbili hiyo ni ada ya mtoto. Tofauti ni ile ile ya shamba la kwanza, haikupungua hata kilo. Kilichopungua ni uwezo wa jaribio kuiona.

Na kinyume chake nimekiona kwa macho yangu, tena kwenye ikisiri, mahali ambapo watu wote husoma. Aina mbili za mahindi zilipishana siku moja kutoa mbelewele. Siku moja. Shamba lilikuwa safi, kelele ndogo, P chini ya 0.05, na mwandishi akaandika kwamba aina hizo “zilitofautiana kwa kiasi kikubwa sana”. Hilo “sana” sijui lilitoka wapi; nadhani zilikuwa nyota mbili badala ya moja, zile ambazo kompyuta huziweka pembeni mwa P ndogo. Nilimpigia simu nikamuuliza kama mkulima anaweza kufanya jambo lolote na siku hiyo moja. Akacheka, akasema hapana Mwalimu, lakini nyota zipo. Nyota zinasema kelele ilikuwa ndogo, ndugu yangu. Hazikuzi siku ikawa wiki.

Chanzo cha balaa ni tafsiri. Neno la Kiingereza ambalo mwanatakwimu Ronald Fisher alilitumia, “significant”, lina asili ya Kilatini yenye maana ya ishara. Kitu kinachoashiria jambo. Fisher aliingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na anova aliikuza hapo katikati ya takwimu za viazi na samadi, ndiyo maana ina harufu ya shamba mpaka leo. Katika kitabu chake cha 1925 aliona mpaka wa moja kwa ishirini unafaa kwa kuamua kama tofauti inaashiria kitu. Mpaka wa kufaa tu. Waingereza wenyewe mtaani hulitumia neno lile kwa maana ya “kubwa”, nasi tukaazima la mtaani tukaliacha la shambani.

Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: kubainika. Bayana ni kilicho wazi kuonekana, na kubainika ni kuwa wazi baada ya kutafutwa. Andika “tofauti ilibainika kitakwimu” au “tofauti bayana kitakwimu”. Wanaoandika “yenye maana kitakwimu” nawavumilia; hawajamdhuru mtu. Lakini uzuri wa kubainika uko kwenye ukanushi. Ukisema “hapakuwa na tofauti” umetoa hukumu juu ya mahindi. Ukisema “tofauti haikubainika” umesema kuhusu jaribio: tulitafuta, kwa ploti hizi na kelele hii, hatukuona. Huenda ipo.

Hapo ndipo herufi zako zinapoingia, na hapo ndipo “sawa” inapoumbuka. Turudi shamba la kwanza. Tofauti ndogo kabisa inayoweza kubainika kati ya wastani mbili, ile mnayoiita LSD, inatoka kwenye mabaki yale yale: zidisha 0.080 mara 2, gawa kwa marudio 4, chukua kipeuo cha pili, unapata 0.2, zidisha kwa t ya 2.262 ya nyuzi huru 9, ile Df ya mabaki, unapata 0.45. Sasa linganisha. Kilo 120 na 80 zinapishana 0.2, haifiki. Kilo 80 na 40 zinapishana 0.4, haifiki, ila kwa wembe. Kilo 120 na 40 zinapishana 0.6, imevuka. Kilo 0 imeachwa mbali na wote. Kwa hiyo:

```
120   3.5 a
 80   3.3 ab
 40   2.9 b
  0   2.1 c
```

Wastani mbili zenye herufi ya pamoja, hata moja tu, tofauti yao haikubainika. Ndiyo kanuni yote. Hiyo ab si kundi la tatu lenye jina lake, kama nilivyowahi kusoma, wala si daraja la ufaulu kati ya A na B. Ni kilo 80 zilizoshika mkono wa pande zote mbili.

Jaribu sasa kusema “sawa”. Kilo 120 ni sawa na 80. Kilo 80 ni sawa na 40. Lakini 120 si sawa na 40. Mtoto wa darasa la nne atakukatalia, na atakuwa na haki. Weka “tofauti haikubainika” kila mahali ulipoweka “sawa”, na mgongano unatoweka: jaribio halikuweza kutenganisha 120 na 80, wala 80 na 40, lakini liliweza kutenganisha 120 na 40. Macho yasiyoona hatua fupi yanaweza kuona hatua mbili zikiunganishwa.

Mtego mmoja nikutahadharishe. Katika lile shamba la ngedere LSD inakuwa 1.13, na kati ya kilo 120 na 0 kuna 1.4. Imevuka! Mwanafunzi mwenye njaa ya herufi atabandika a na b hapo hapo. Lakini F ilikwisha kukataa, na LSD ya Fisher hulindwa na F: mlango ukifungwa, huingii kwa dirishani. Ukiacha ulinzi huo, kila jozi unayolinganisha ni bahati nasibu nyingine, na wastani nne zina jozi sita. Jedwali la namna hiyo lichapishwe bila herufi, pamoja na LSD na CV yake, yaani kelele ikilinganishwa na wastani wa jumla, ya asilimia 24, ili msomaji ajue kelele ilikuwa kiasi gani. Shamba la kwanza CV ilikuwa 9.6.

Basi sentensi yako iandike hivi: “Kiwango cha naitrojeni kiliathiri mavuno ya mahindi (P < 0.001). Ploti zilizopata kilo 40 zilitoa tani 0.8 kwa hekta zaidi ya zisizopata mbolea. Kutoka kilo 80 hadi 120 ongezeko lilikuwa tani 0.2 na halikubainika kitakwimu (LSD = 0.45).” Ukubwa umeubeba kwa tani, ambazo msimamizi wako anaweza kuzihesabu mwenyewe kwa magunia akitaka kujua kama ni kubwa.

Jambo la mwisho halinihusu mimi wa lugha, lakini utaulizwa siku ya kutetea. Kilo 0, 40, 80 na 120 ni ngazi za kitu kimoja, tofauti na majina ya aina nne za mbegu. Mtahini mwenye jicho atataka kuona mstari wa regresheni uliopinda, na atakuuliza herufi ulizibandika za nini.