Bango la Kuchomwa Sindano Liandikwe kwa Ajili ya Zamu ya Usiku

Juzi dada mmoja anayesoma makala zangu, muuguzi, alinitumia ujumbe Jumamosi mchana. Ijumaa saa nne usiku alichomwa na sindano ya branula yenye damu, mgonjwa akiwa anatapatapa. Ukutani kuna bango la rangi linalosema "toa taarifa kitengo husika". Kitengo kimefungwa hadi Jumatatu. Akakikamua kidole, akakimwagia jiki, akaendelea na kazi.

Hebu piga hesabu. Kutoka saa nne usiku Ijumaa hadi saa mbili asubuhi Jumatatu ni saa 58. Dawa kinga ya VVU inafaa ianze ndani ya saa chache, na zikishapita saa 72 haianzishwi. Jumatatu ikiwa sikukuu, ukifika Jumanne ni saa 82. Nikamwambia aende idara ya dharura sasa hivi. Alipewa.

Bango la kazini kwetu nililiandika mimi kwa mkono, na mkubwa mmoja akalibandua akisema linachafua ukuta. Bado linaniuma, sitaficha. Tulilirudisha juu ya sinki, na mwenzetu alipochomwa usiku alimeza kidonge cha kwanza zamu haijaisha.

Mstari wa kwanza unasema: mkabidhi mwenzako mgonjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usitie jiki wala spiriti. Vinaumiza ngozi na havijathibitika kusaidia. Damu ikiruka jichoni, suuza kwa maji mengi safi.

Mstari wa pili ndio roho ya bango: nani ana ufunguo wa dozi za kuanzia usiku huu, na namba yake. Andikeni kwa penseli, maana zamu hubadilika. Mabango mengi hukosa hili tu, halafu tunawalaumu wauguzi kuwa hawatoi taarifa! Usisubiri majibu ya mgonjwa. Yeye apimwe kwa ridhaa yake. Akiwa hana VVU na hakuna shaka ya maambukizi mapya, daktari atasimamisha dawa. Wewe nawe toa damu siku hiyo hiyo na ujaze rejista. Bila kipimo hicho, baadaye utathibitishaje kwamba uliambukizwa kazini?

Mstari wa mwisho ni wa ufuatiliaji: dawa siku 28 bila kuruka, kipimo cha VVU baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, kondomu, na usichangie damu kwa muda huo.

Na jamani, homa ya ini B. Sindano yenye VVU huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa. Yenye homa ya ini B, kwa asiye na chanjo, 6 hadi 30 kati ya 100. Kama hujamaliza dozi zako 3, mwambie daktari usiku huo huo, kwa sababu vidonge vya VVU havichukui nafasi ya chanjo hiyo.